Mawaidha thelathini ya Ramadhani: hesabu usiku kwanza, mada zitafuata

*Assalaam alaykum Sheikh. Kamati ya msikiti wetu hapa Ujiji imenipa kazi ya kutoa mawaidha mafupi kila usiku wa Ramadhani baada ya Isha. Nimeshaandika vichwa 30, vya tabia 15 na vya ibada 15, lakini nikivisoma naona ni orodha tu. Nivipange vipi? Na kila moja niliandae vipi lisizidi dakika chache?*

Wa alaykumus-salaam warahmatullah, Ustadh. Weka kando hivyo vichwa kwa muda. Chukua karatasi nyingine, andika namba za usiku kuanzia 1 hadi 30, na mbele ya kila namba andika nani atakuwa amekaa mbele yako usiku huo na ana haja gani. Ukimaliza ndipo uvirudie vichwa vyako. Utaona vingine vinahama vyenyewe, na vingine havina pa kukaa.

Kwanza hesabu yenyewe. Kwetu usiku hutangulia mchana. Waadhi wako wa kwanza utautoa usiku ule mwezi unapoandama, watu wakiswali tarawehe ya kwanza kabla hata hawajafunga siku moja. Kwa hiyo watu wakishafunga siku 20 na wakafuturu, Isha hiyo tayari ni usiku wa 21, na kumi la mwisho limeingia. Nimewasikia masheikh wazuri tu wakitangaza usiku wa 27 wakati msikiti mzima umeshafunga 27, maana yake wako usiku wa 28. Andika kwenye karatasi yako safu mbili: namba ya usiku, na siku ngapi zimeshafungwa. Ya pili siku zote ni pungufu kwa moja.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kwamba usiku wa 30 si wako kwa uhakika. Mwezi ukiandama baada ya siku 29, usiku huo unakuwa usiku wa Idi, na watu wanaleta takbira. Basi mada usiyotaka ikose kusikika usiiweke hapo. Panga 29, ya 30 iwe akiba.

Pili, watu. Ujiji, Kibirizi na Katonga, waumini wengi maisha yao ni ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi kwenye giza. Mwezi unapokaribia kujaa wavuvi hupumzika karibu wiki nzima. Ramadhani ni mwezi wa kuandama, kwa hiyo mbalamwezi itaangukia kati ya usiku wa 12 na wa 18 kila mwaka, haijalishi ni Februari au Agosti. Hizo ndizo siku utakazowapata wavuvi, wenye maboti, na hata wanunuzi wanaowafuata. Mwanzo na mwisho wa mwezi wako majini. Mtu aliyeko Tabora mjini hana hesabu hii. Yeye atazame siku za mnada na wakulima wanaolala shamba. Wewe unayo, itumie.

Tatu, saa. Miaka hii Ramadhani imo Februari na Machi, ndani ya mvua zetu. Jua linazama Kigoma karibu saa moja na dakika ishirini, Isha inaingia kama saa mbili na nusu, na tarawehe ya rakaa 20 inafika saa nne kasoro au zaidi. Mama mwenye watoto wadogo na kijana anayeamka saa kumi kula daku hawana dakika ishirini za kukupa. Chukua saba. Kwa mwendo wa kawaida wa kuzungumza hayo ni maneno kama mia saba, kurasa mbili za daftari kwa mwandiko wako. Na mvua ikipiga kwenye mabati usishindane nayo. Swalisheni, na waadhi wa usiku huo uingie kwenye ile nafasi ya akiba au uufute.

Sasa mada. Ule mgawanyo wako wa 15 kwa 15 uache. Watu hawaishi ibada upande mmoja na tabia upande mwingine, na Aya ya funga yenyewe, 2:183, inaifunga ibada kwenye uchamungu. Wala usigawe mwezi kwa lile neno maarufu la kumi la rehema, kumi la maghufira na kumi la kuachwa huru na Moto. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha riwaya yake, na hata maana inakubana: utamwambia nini mtu anayetaka kutubu usiku wa 3? Mimi ningegawa hivi, kwa mafungu yasiyolingana.

Usiku wa 1 hadi wa 4 ni funga yenyewe, maana ndipo watu wanaihitaji. Wa 1 ni nia. Sisi wengi ni Mashafii, na kwa Shafii funga ya faradhi inahitaji nia kila usiku kabla ya alfajiri. Ukilichelewesha hili hadi usiku wa 5 umewaacha watu siku nne. Wa 2 ni yanayofunguza na walioruhusiwa kula: mgonjwa, msafiri, mjamzito, anayenyonyesha. Wa 3 ni hiyo 2:183. Wa 4 ni daku na kuharakisha futari jua likishazama, na hapa usisahau jambo moja la huku kwetu. Jua la Kigoma linazama takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na Tabora karibu dakika 26. Kila mwaka yupo anayefungua kwa adhana aliyoisikia kwenye redio ya Dar, naye jua liko juu ya ziwa linamtazama. Mwambie waziwazi kwamba siku hiyo atailipa.

Wa 5 hadi wa 8 ni swala na Qurani, wakati msikiti bado umejaa. Wa 5 ni swala tano, kwa ajili ya wale wanaokuja tarawehe na Alfajiri hawaonekani. Wa 6 ni utulivu ndani ya swala, kwa kisa cha yule bwana aliyeswali haraka haraka, Mtume (S.A.W.) akamwambia, "Rejea ukaswali, kwani hukuswali." Kiseme mbele ya imamu wako pia, kwa adabu, kama tarawehe yenu inakwenda mbio. Wa 7 ni Qurani na mwezi iliyoteremshwa, 2:185. Wa 8 ni dua, kwa sababu Aya ya 186, "Nami nipo karibu," imewekwa katikati kabisa ya Aya za funga.

Wa 9 hadi wa 11 ni ulimi. Usiku tatu zinatosha, kwa kuwa mada hii wengi huirudia mpaka watu hawaisikii tena. Wa 9 ni uongo, kwa hadithi ya Bukhari kwamba asiyeacha maneno ya uzushi na kuyatenda, Allah hana haja ya yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake. Wa 10 ni kusengenya: kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, hata kama ni kweli, likiwa si kweli, hapo umemzulia. Wa 11 ni simu, yaani 49:6, kuhakikisha habari kabla ya kuituma mbele. Hii ya mwisho vijana wataisikiliza kuliko unavyodhani.

Fungu kubwa liwe la 12 hadi la 18: mkono na mali. Mbalamwezi iko juu, watu wa ziwa wako bandarini, na hapa ndipo tabia na ibada zinapokutana. Wa 12 ni bidhaa yenye kasoro, ambayo nitakuandikia yote hapa chini. Wa 13 ni mizani na vipimo, sura ya 83, "Ole wao wapunjao." Wa 14 ni deni, kwa pande zote mbili: mwenye uwezo anayechelewesha kulipa anadhulumu, na mdai wa aliyekwama anaambiwa ampe muda mpaka apate, 2:280. Wa 15 ni ujira wa mfanyakazi. Tumia hadithi ya Bukhari ya watu watatu ambao Allah atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama; mmoja ni aliyeajiri mtu, akamfanyisha kazi yake yote, asimpe ujira wake. Mwenye boti na vibarua wake wote watakuwepo msikitini usiku huo, na ndiyo maana uko hapo. Wa 16 ni kula haki ya yatima na mirathi, 4:10. Wa 17 ni Badri, iliyopiganwa 17 Ramadhani mwaka wa 2 Hijria, na watu wanaitarajia. Wape subira na kutii, usihesabu mapanga. Wa 18 ni sadaka, Mtume alivyokuwa mkarimu zaidi katika Ramadhani. Usiku huo kitakujia kisa cha Thaalaba, yule anayesemwa aliomba mali kisha akainyima zaka. Kiache. Mlolongo wake ni dhaifu, na Thaalaba bin Hatib anatajwa miongoni mwa watu wa Badri. Siku moja tu kabla ulikuwa unawasifu watu wa Badri mimbarini!

Wa 19 na wa 20 ni nyumbani: wazazi kwa 17:23, kisha mume na mke. Kwa huu wa pili chukua jibu la Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Uweke kabla ya kumi la mwisho, maana ndiyo siku za kununua nguo za Idi na ugomvi wa matumizi.

Wa 21 hadi wa 27 ibada inarudi mbele. Wa 21 ni itikafu. Wa 22 ni kusamehe, 24:22, Aya iliyoshuka Abu Bakr alipoapa kutomsaidia tena Mistah. Wa 23 ni zakatul-fitri. Wa 24 ni kisimamo cha usiku nyumbani, kwa mama asiyeweza kuja msikitini. Wa 25 ni dua aliyofundishwa Bi Aisha, "Allahumma innaka afuwwun tuhibbul-afwa faafu anni". Wafundishe waitamke pamoja nawe mara kadhaa, na usiongeze kitu. Wa 26 ni toba, 39:53. Wa 27 ni sura ya Qadri, lakini waambie pia kwamba usiku huo umeagizwa utafutwe katika witiri za kumi la mwisho, wasije wakaondoka wa 28 kana kwamba kazi imekwisha.

Wa 28 ni usiku na siku ya Idi: takbira, kuoga, swala. Wa 29 ni kudumu, kwa hadithi ya amali ipendwayo zaidi kuwa ile ya kudumu hata ikiwa ndogo, na humo humo utaje sita za Shawwali. Na akiba.

Zakatul-fitri wengi huiweka usiku wa 28 au 29, na hapo ndipo inapoharibika. Muumini anasikia leo, kesho anatafuta mchele, keshokutwa ni Idi na kamati haijui mafukara ni nani. Ukiizungumza wa 23, zimebaki siku saba au nane. Kwa Shafii inajuzu kuitoa tangu Ramadhani inapoingia, na mwisho wake mwema ni kabla ya swala ya Idi. Ibn Abbas amepokea kwamba inayotolewa baada ya swala ni sadaka kama sadaka nyingine. Usiwaambie "toeni zaka" tu. Waambie: pishi moja kwa kila roho, ya chakula kikuu cha mji. Kwa mchele ni kama kilo 2.5. Nyumba ya watu saba ni kilo 17.5. Mtoto aliyezaliwa kabla ya Magharibi ya siku ya mwisho anahesabiwa, aliyezaliwa baada yake hahesabiwi. Anayeleta pesa, kamati iwe wakala wake imnunulie chakula, na mtu aliyeteuliwa kupokea asimame aonekane.

Turudi usiku wa 12, nikuonyeshe waadhi mmoja unavyojengwa. Kanuni yangu ni andiko moja, maelezo yake, mfano mmoja wa hapa, na tendo moja la kesho. Khutba ndefu ya ufunguzi huna nafasi nayo. Hamdu na swala ya Mtume kwa nusu dakika, kisha ingia.

Andiko ni hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Muslim. Mtume alipita sokoni kwenye chungu ya chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akauliza, "Nini hiki, ewe mwenye chakula?" Akajibu kimenyeshewa na mvua. Akamwambia, "Mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Anayedanganya si katika mimi." Simulia polepole, dakika moja na nusu, na unaposema Mtume aliingiza mkono, nyamaza kidogo.

Dakika mbili zinazofuata usikimbilie vitisho. Waulize kosa la yule bwana lilikuwa wapi. Mvua si kosa lake. Kuuza chakula kilichonyeshewa pia hakukukatazwa; hakuambiwa akimwage wala aondoke sokoni. Kosa ni unyevu kuwa chini na kikavu kuwa juu. Dawa aliyopewa ni ya mikono: kigeuze, chenye maji kipande juu, anayetaka anunue kwa bei yake. Mafakihi wetu wamejenga juu ya maana hii wajibu wa muuzaji kubainisha aibu ya bidhaa, na haki ya mnunuzi kurudisha akiikuta aibu iliyofichwa. Sentensi hiyo moja ya fikihi inatosha.

Kisha mfano wa hapa, dakika mbili. Dagaa za msimu wa mvua hazikauki sawasawa. Gunia linafunguliwa, juu dagaa zinang'aa, katikati zina unyevu na zimeanza kuvunda. Au zimeanikwa mchangani, na mchanga umepanda mizani pamoja nazo. Mnunuzi wa Tabora au Dodoma anagundua gari moshi limeshamfikisha. Usitaje soko, usitaje bei ya wiki hii, na usiseme "hawa wa pale Kibirizi", kwa sababu mwenye gunia lile yuko safu ya tatu na kila mtu atageuka kumtazama. Ukimfedhehesha hasikii tena neno lako, na usiku wa 10 umewakataza watu kusengenya. Sema "sisi tunaouza". Na ongeza mfano wa mama anayechanganya mawese ya zamani na mapya ndani ya dumu moja, ili mwenye dagaa asijione peke yake.

Dakika ya mwisho ni tendo: "Kesho, kabla hujafungua biashara, chenye kasoro kiweke juu, au kitenge na ukitaje." Dua fupi, ukae.

Utaona sikutumia hadithi nyingine ya Bukhari na Muslim inayofaa sana hapo, ya muuzaji na mnunuzi ambao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa biashara yao. Nimeiweka kwenye akiba. Andiko la pili ndilo linalogeuza dakika saba kuwa kumi na tano, kwa kuwa kila andiko linadai maelezo yake.

Ukishaandika yote 29, fanya jaribio moja. Chukua karatasi safi, andika tendo la kesho la kila usiku kwa sentensi moja inayoanza na kitendo: tia nia, rudisha, lipa, futa, pima, samehe. Ukikuta usiku mbili zina tendo moja, moja iondoe. Ukikuta usiku hauna tendo bali "tumche Allah", waadhi huo haujaiva. Kwa wengi wetu sita au saba hubaki hivyo mara ya kwanza, na mara nyingi ni zile za ibada, maana tunazijua sana hata tunasahau kuzisema. Khushui, kwa mfano, haina tendo mpaka useme: "Kwenye rukuu, usiinuke kabla mgongo haujatulia."

Wakati wa kutoa, saa isiwe mkononi mwako. Mpe mtu wa safu ya mbele aguse sakafu dakika ya sita. Dalili ya kwamba unazidi utaiona upande wa kina mama mapema kuliko kwa wanaume, kwa sababu watoto wanaanza kulia na mazungumzo yanapanda. Akija sheikh mgeni, mwachie usiku wake lakini mpe mada ya usiku huo kwenye kipande cha karatasi, pamoja na dakika. Mgeni asiyepewa mada atazungumza Laylatul-Qadr hata usiku wa 9.

Karatasi ya mpango mpe imamu na katibu wa kamati kabla Shaabani haijaisha, ili imamu akubaliane nawe kuhusu usiku wa 6, na kamati ijue kwamba wa 23 inatakiwa iwe na orodha ya mafukara mkononi. Na ule wa akiba uandike mapema kama mingine. Mimi ningeweka hadithi ile ya biashara yenye baraka. Mwezi usipoandama, watu watakuwa wamechoka kusubiri matangazo, na dakika tano zitawatosha.